Bibi Wawili au Pembe Mbili? Tahajia ya Miswada Kabla ya Tafsiri

Mwaka jana niliandika kazi ya darasani ambayo ndani yake watu walikufa bila sababu. Tulipewa nakala ya barua moja ya zamani kutoka upande wa Lamu, yenye mistari kumi na mmoja, iliyoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Tarehe yake ni ya mwaka 1293 wa Hijria, yaani karibu na 1876. Tulitakiwa kuitafsiri kwa Kiswahili cha leo na kisha kwa Kiingereza. Kwa maelezo yangu, barua ile ilihusu wanawake wawili waliowekwa rehani, fidia ya damu, na maiti ambao mwandishi aliwaomba wenzake wasiwasahau. Nilijaza kurasa nne na niliamini nimegundua jambo.

Mwalimu aliporudisha kazi alikuwa ameandika swali moja tu pembeni: "Nani kafa?" Nilirudi kwenye nakala kutafuta jibu na sikumwona maiti. Barua ilikuwa ya biashara, kuhusu deni, pembe za ndovu na wavu wa kuvulia samaki.

Katika insha hii nahakiki kazi yangu hiyo, na kwa kupitia kwake nahakiki namna wengi wetu tunavyofundishwa kushika miswada. Tunahimizwa kukimbilia maana. Tukikwama, tunaambiana kwamba muktadha utaamua. Ninavyoona sasa, muktadha ndio ulionipoteza, kwa sababu niliujenga mwenyewe kwa maneno niliyokuwa nimeyasoma vibaya.

Nianze na ugumu wenyewe. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi: fataha, kasra na dhuma. Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wengi wa pwani hawakutafuta alama mpya, walitumia kasra kwa i na e, na dhuma kwa u na o. Kwa upande wa konsonanti, Kiarabu hakina p, v, ch wala g kama tunavyozitamka. Kwa hiyo herufi be inabeba b na p, fe inabeba f na v, shini mara nyingi inabeba sh na ch, na ghaini inabeba gh, g, ng na ng'. Jambo la tatu ndilo linalowasumbua zaidi wanaoanza: nazali iliyoungana na konsonanti inayofuata, kama katika mb, nd, nj na nz, mara nyingi haiandikwi kabisa. Mbuzi anaanza na be. Njaa inaanza na jimu. Lakini m inayosimama kama silabi, kama ile ya mtu, kwa kawaida huandikwa kwa mimu yake.

Tuchukue mfano mdogo. Ukikuta be yenye kasra ikifuatwa na ghaini yenye fataha, silabi ya kwanza inaweza kuwa bi, be, pi, pe, mbi au mbe. Ya pili inaweza kuwa ga, gha, nga au ng'a. Sita mara nne ni ishirini na nne. Mengi kati ya maumbo hayo si maneno, lakini yanabaki angalau matano yaliyo maneno kamili: piga, pinga, penga, bega na mbega. Hakuna lolote kati ya hayo lililokosewa tahajia. Yote yameandikwa sawasawa kwa utaratibu wa mwandishi.

Hapa wengine husema kwamba hati za Kiarabu zilikuwa vazi lisilomtosha Kiswahili. Mimi ni Mnyarwanda na siwezi kulisema hilo kwa urahisi. Katika maandishi ya kawaida ya Kinyarwanda hatuandiki toni wala urefu wa irabu, na neno inda laweza kuwa tumbo au chawa. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu akisoma gazeti na kudhani mama mjamzito ana chawa. Anayejua lugha hujaza mwenyewe kile ambacho maandishi yameacha. Mwandishi wa barua ile alimwandikia mtu aliyeijua lugha yake na biashara yake pia. Mimi sikuwa mtu huyo, na nilisoma kama kwamba ndimi.

Nirudi kwenye barua. Kwanza nilikutana na neno lenye be mbili, kila moja na kasra, ya kwanza ikifuatwa na ye. Nililisoma kama linavyoonekana: bibi. Neno lililofuata lilikuwa be, kasra, ye, lamu, kasra, nalo nikalisoma mbili bila shida kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa kwamba m ya mbili huachwa. Nikapata "bibi mbili". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba bibi ni wawili, si mbili. Mimi niliandika tanbihi nikisema kwamba mwandishi hakuwa makini na upatanisho wa ngeli.

Ajabu ni kwamba nilikubali be ya mbili ina m iliyofichwa, na sikujiuliza kama be nyingine, sentimita moja kabla yake, inaweza kuwa na m kama hiyo. Be ya kwanza ni p, ya pili ni mb, kasra zote mbili ni e. Neno ni pembe. Pembe mbili, upatanisho umekaa mahali pake, na mwandishi anajua sarufi yake vizuri.

Kosa la pili lilikuwa mbele kidogo, kwenye dali yenye kasra, ye yenye fataha, na alifu. Nikasoma dia. Dia ni malipo ya damu, na kwa mtu ambaye tayari ana wanawake wawili walioshikwa rehani, dia inaingia vizuri sana. Sentensi yote ikawa "nikipata dia nitakuja". Lakini kuna mambo mawili niliyopaswa kuyajua. Kwanza, barua ni ya upande wa Lamu, na Kiamu husema ndia pale Kiswahili sanifu kinaposema njia, kama kinavyosema moya kwa moja na mayi kwa maji. Nazali ikiachwa, ndia huandikwa kwa dali. Pili, dia ni neno la Kiarabu, na waandishi waliosoma chuoni kwa kawaida waliacha maneno ya Kiarabu na tahajia yake ya Kiarabu. Dia katika Kiarabu huishia kwa te ya mviringo, si kwa alifu. Katika barua hiyohiyo neno deni limeandikwa dali, ye, nuni bila alama yoyote, kama Mwarabu angeliandika, na rehani vilevile imekaa kwa re, he, nuni. Mtu anayeandika deni na rehani kwa Kiarabu safi hana sababu ya kuiandika dia kwa alifu. Alifu ile ilikuwa inaniambia kwamba neno si la Kiarabu. Nikipata ndia, nitakuja: akipata chombo cha kusafiri, atakuja.

Kwa hiyo katika neno hilo tahajia peke yake inatosha kuamua. Hatuhitaji kujua lolote juu ya maisha ya mwandishi. Tunahitaji kujua tu anavyoandika maneno ya Kiarabu na anavyoandika yasiyo ya Kiarabu, na ushahidi wa yote mawili uko kwenye ukurasa mmoja.

Kosa la tatu ndilo linalonionea haya zaidi. Kulikuwa na wau yenye fataha, alifu, kisha fe yenye dhuma, halafu neno wangu. Fe ni f au v. Wafu wangu, au wavu wangu. Tazama jinsi upatanisho unavyokataa kusaidia: wafu ni wa ngeli ya watu katika wingi, wavu ni wa ngeli nyingine katika umoja, na yote mawili huchukua wangu. Mpaka hapo mtu anaweza kusamehewa. Lakini neno lililofuata lilianza na alifu yenye dhuma: ulio. Wavu wangu ulio kwako. Kama wangekuwa wafu, ingekuwa walio, na walio huanza na wau yenye fataha. Niliiona alifu ile. Kwenye daftari langu imo, nimeiandika kwa mkono wangu, na kando yake nimeandika: "kosa la mwandishi, soma walio". Nilikuwa na dia na bibi wa rehani, nilihitaji maiti, na nikambadilishia marehemu yule sarufi yake ili nimpate.

Tangu siku hiyo najiwekea kipimo kimoja. Mwandishi anaweza kukosea, na wapo waliokosea. Lakini nikijikuta nimemsahihisha mwandishi mara mbili katika ukurasa mmoja, narudi mwanzo, maana aliyekosea huenda ni mimi. Katika barua hii nilimsahihisha kwenye mbili na kwenye ulio. Mahali pote pawili alikuwa sahihi, na pote pawili palikuwa panaelekeza kwenye neno lililotangulia, ambalo ndilo nililokuwa nimelisoma vibaya.

Mtu anaweza kuuliza kama kujua Kiarabu kungeniokoa. Nilijaribu. Nilikwenda Biryogo, hapa Kigali, kwa mzee mmoja anayefundisha watoto kusoma Kurani, nikamwomba anisomee barua kwa sauti. Alisoma vizuri kuliko mimi, kila alama mahali pake: bibi, bili, nikibata, dia. Kisha akaniambia, "Mwanangu, herufi ni zetu lakini maneno si yetu, ya nani haya?" Alikuwa amesoma Kiswahili kwa kanuni za Kiarabu, na mzee huyo Kiswahili anakijua tangu utoto. Nilipomwambia "pembe mbili" alicheka, akaisoma tena tangu mwanzo bila kusita. Alichokikosa si herufi wala lugha, ni utaratibu unaounganisha hivyo viwili.

Utaratibu huo haufanani kwa waandishi wote, na hili ndilo linalofanya jedwali moja la kukariri lisitoshe. Wako waliokopa nukta tatu za Waajemi ili kuitenga p na b. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefanya kazi na mmisionari William Taylor katika karne ya 19 kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliongeza alama ili sauti za Kimvita zisichanganyike. Kwa upande wetu wa bara, Xavier Luffin ameandika juu ya hati za Kiswahili za Kongo za karne hiyohiyo na jinsi tahajia ndani yake inavyotofautiana. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwanza ni namna huyu mmoja, katika karatasi hii, anavyoziandika p, e na mb zake.

Nilipoanza upya nilifanya hivi. Niliacha maana kabisa. Nilichukua karatasi nikainukuu barua herufi kwa herufi, nikiandika jina la kila herufi na alama yake, pamoja na mahali ambapo alama haipo. Kazi hiyo ilichukua jioni mbili. Kisha nikatafuta maneno ambayo hayana ubishi. Maneno ya aina hiyo huwa katika salamu za mwanzo, kwa sababu zinafanana barua hata barua, katika majina ya mahali, katika tarehe, na hasa katika hesabu. Barua ya deni ina zawadi kwa msomaji: kiasi kimeandikwa kwa maneno na chini yake kwa tarakimu. Hapa palikuwa na reale thelathini na mbili, na tarakimu 32. Basi be, kasra, ye, lamu, kasra ni mbili bila shaka yoyote, na kutokana na neno hilo moja nikawa nimethibitisha kwamba mwandishi huyu huacha m mbele ya b. Kwenye reale nikaona anavyoandika e. Kwenye tano nikaona anavyoandika o.

Neno tano lilinifundisha jambo jingine pia. Te yake ilikuwa na alifu baada ya fataha, ingawa a ya tano si ndefu kwa maana ya Kiarabu. Waandishi wengi hutumia alifu, wau na ye kuonyesha silabi ya pili kutoka mwisho, ile inayobeba mkazo. Mimi mwanzoni niliziona alama hizo kama mapambo. Kumbe zina kazi kubwa, kwa sababu maneno mafupi kama na, ya na ni hushikana na neno linalofuata, na nafasi kati ya maneno si ya kuaminika. Ukiona alama ya urefu, hesabu silabi moja zaidi, na huenda umefika mwisho wa neno. Njia hiyo haifanyi kazi katika maneno ya Kiarabu, ambayo yana urefu wake mwenyewe, na mwandishi wangu aliisahau mara chache. Hata hivyo ilinitenganishia mistari miwili iliyokuwa imenishinda.

Baada ya hapo nikahesabu nazali. Katika maneno niliyokuwa na hakika nayo, palikuwa na mahali nane ambapo sauti kama mb, nd au ng zilipaswa kuwepo. Mahali sita nazali haikuandikwa, na mahali pawili, katika kwenda na katika neno jingine, iliandikwa kwa nuni. Kwa hiyo sikuweza kusema kwamba mwandishi huyu haandiki nazali kamwe. Niliweza kusema kwamba kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote, lakini kuwepo kwake kunathibitisha. Tofauti hiyo naiona muhimu, kwa sababu ndiyo inayoniruhusu kusoma ndia pasipo nuni na inayonikataza kuiondoa nuni pale ilipoandikwa.

Sasa nije kwenye neno ambalo tahajia haikuweza kuamua. Baada ya deni kuna kitenzi: nuni yenye kasra, mimu yenye kasra, lamu yenye kasra, fe yenye dhuma na wau, te yenye fataha. Nimelifuta, au nimelivuta. Deni limefutwa, au limevutwa, yaani limeongezewa muda. Kwa aliyedaiwa, tofauti hiyo ni reale thelathini na mbili. Kwa mwanahistoria anayetaka kujua watu wa Lamu walivyokopeshana, ni tofauti kati ya msamaha na masharti.

Katika kazi yangu ya kwanza niliandika kwamba deni limefutwa, wala sikuonyesha popote kwamba kulikuwa na chaguo. Nilipotengeneza jedwali la mwandishi nilitarajia liniokoe, nikatafuta kila fe katika ukurasa. Zote zina nukta moja. Wavu una fe yenye nukta moja, na maneno yenye f ya hakika yana fe ileile. Huyu bwana hatofautishi f na v. Tahajia imefikia mwisho wake hapo, na ni lazima mtu aseme wazi kwamba imefikia mwisho, badala ya kupita kimyakimya.

Ndipo muktadha unapopata haki ya kuingia, kwa kuwa sasa umejengwa na maneno yaliyothibitishwa. Baada ya kitenzi hicho kuna "mpaka kusi". Barua haina nukta wala mkato, kwa hiyo maneno hayo mawili yaweza kwenda nyuma au mbele. Mwanzoni niliyapeleka mbele: mpaka kusi, nikipata dia, nitakuja. Yakienda nyuma, yanasema deni limevutwa mpaka kusi, na kitenzi futa hakikubali mpaka: huwezi kulifuta deni mpaka upepo ubadilike. Kisha mstari wa mwisho unasema kwamba pembe zile ni rehani. Aliyefuta deni hana sababu ya kushikilia rehani yake. Kwa sababu hizo mbili nasoma nimelivuta. Ila nasoma hivyo kwa hoja, si kwa herufi, na mtu mwingine akileta hoja bora niko tayari kumsikiliza. Hilo linawezekana tu kama ameonyeshwa kwamba herufi zenyewe zinaruhusu yote mawili.

Hapo ndipo lawama yangu inapotoka kwangu na kwenda kwenye vitabu tunavyosomea. Nyingi kati ya tenzi na mashairi ya kale tunayapata tayari katika hati za Kilatini. Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens ilitoka mwaka 1940, na J. W. T. Allen alichapisha Tendi mwaka 1971, Kiswahili kwa Kilatini pamoja na Kiingereza. Sisemi walisoma vibaya. Walikuwa na wasomaji wa pwani karibu nao na walijua mengi nisiyoyajua. Ninachosema ni kwamba mimi, mwanafunzi wa Kigali, nikisoma neno lililochapishwa kwa Kilatini sina njia ya kujua kama v yake ilikuwa na nukta tatu kwenye mswada au ilikuwa fe iliyochaguliwa na mhariri usiku akiwa amechoka. Kila neno lina uzito sawa machoni pangu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS kule Landani vina mikusanyo mikubwa ya miswada, lakini darasani tunasoma chapa, na tunaichambua mizani na vina vya chapa kana kwamba ndiyo mswada.

Ninalitaja hili nikikumbuka kwamba Carl Büttner, mwaka 1892, alichapa barua za Kiswahili zikiwa katika hati zao za Kiarabu pamoja na unukuzi na tafsiri. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kusema juu ya kitabu cha Mjerumani cha wakati ule. Lakini msomaji wake anaweza kurudi kwenye herufi na kumkatalia. Msomaji wa kazi yangu ya kwanza asingeweza kunikatalia, kwa sababu sikuweka chochote cha kurudia.

Kiingereza kiliongeza tatizo. Ningeishia kwenye Kiswahili cha leo, msomaji makini angeona "wafu wangu" na labda angekumbuka kwamba f na v hukaa nyumba moja katika hati zile, akajiuliza juu ya wavu. Lakini katika Kiingereza neno la maiti na neno la wavu hayakaribiani hata kidogo. Mara tu nilipotafsiri, mlango wa kurudi ulifungwa. Vivyo hivyo kwa bibi na pembe. Ndiyo maana sasa nadhani kazi ya aina hii inahitaji ngazi zote ziachwe zikionekana: unukuzi wa herufi, kisha usomaji katika lahaja ya mwandishi, na ndia ibaki ndia, kisha Kiswahili cha leo, na Kiingereza mwisho. Kuibadilisha ndia kuwa njia katika ngazi ya pili kunafuta dali, na dali ndiyo inayotuambia barua ni ya wapi.

Mwenzangu mmoja alinipinga kwamba hayo yote ni mengi mno kwa barua ya mistari kumi na mmoja, na kwamba hakuna mchapishaji atakayekubali kurasa nne za majina ya herufi. Ana haki kuhusu mchapishaji. Kuhusu urefu, nilimwonyesha kazi ya kwanza, ambayo nayo ilikuwa kurasa nne, na ilikuwa na maiti.

Niliiandika upya na kuirudisha, ingawa alama zilikuwa zimeshaandikwa. Barua sasa inasema kwamba mwandishi amepokea pembe mbili, kwamba deni la reale thelathini na mbili limevutwa mpaka kusi, kwamba akipata ndia atakuja, kwamba mwenzake asiusahau wavu wake ulio kwake, na kwamba pembe ni rehani. Kando ya limevutwa nimeweka tanbihi yenye neno lile lingine. Mwalimu alisoma, akazungushia duara neno moja katika mstari wa nane ambalo nilikuwa nimelipita bila kulitolea maelezo. Lina ghaini yenye dhuma. Nilikuwa nimeisoma ngu.

Ameandika: "Kwa nini si go?"